Afisa wangu amekataa kutia sahihi fomu ya tathmini, asema nimeandika Novemba tu

*Mshauri, hujambo. Mimi ni meneja wa tawi la Sacco moja hapa Kisumu. Nina maafisa wa mikopo wanane, wanawake watatu na wanaume watano. Wiki jana nilimaliza fomu za tathmini ya utendakazi. Afisa anayesimamia upande wa Ahero nilimpa alama 3 kwa 5. Wa soko la Kibuye nilimpa 4.5 na nikampendekeza awe naibu wangu. Dada wa Ahero alisoma fomu yake mbele yangu, akairudisha mezani na kusema: "Bosi, hapa umeandika Novemba. Miezi ile mingine umeiweka wapi?" Akaongeza kwamba mwenzake amebebwa kwa sababu tulisoma shule moja, na kwamba maneno niliyomwandikia yeye nisingemwandikia mwanamume. Hakutia sahihi.*

*Ni kweli shule ni moja, ingawa miaka ni tofauti, na Ijumaa huwa tunakula samaki pamoja. Lakini simpendelei. Novemba kijana alileta mikopo ya milioni 4.1, na mikopo ya Ahero ikachelewa hadi asilimia 9. Isitoshe, Oktoba dada alinipinga mbele ya wenzake, na tangu Agosti amekataa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nimekutumia fomu zote mbili, takwimu za miezi 11 na ripoti zao. Makao makuu yanataka fomu tarehe 20 Desemba. Je, nimekosea? Na kama nimekosea, nitarekebishaje bila kuonekana nimeshinikizwa?*

*Meneja wa tawi, Kisumu*

Bwana Meneja, ndiyo, umekosea. Sioni katika karatasi zako dalili yoyote kwamba ulikusudia kumdhulumu mtu. Ninachokiona ni meneja aliyeketi Desemba akauandika mwaka mzima kwa kumbukumbu ya wiki sita. Nilichukua kalamu nikajumlisha takwimu zako mwenyewe, nawe naomba uzijumlishe tena uone.

Lengo la kila afisa kwenu ni mikopo mipya ya shilingi milioni 2 kwa mwezi, yaani milioni 22 kwa miezi 11. Afisa wa Ahero ametoa milioni 23.1. Wa Kibuye ametoa milioni 20.7. Dada alifikisha lengo katika miezi 9, akakosa Aprili kwa kupata 1.1 na Novemba kwa kupata 1.2. Kijana alifikisha lengo miezi 2 tu, Oktoba na Novemba. Sasa funika miezi tisa ya kwanza kwa kiganja, utazame miwili iliyobaki: Kibuye milioni 6.3, Ahero milioni 3.3. Karibu mara mbili. Hiyo ndiyo picha uliyokuwa nayo kichwani ulipoandika 4.5 na 3, na kwa miezi hiyo miwili ni picha ya kweli. Ondoa kiganja. Kufikia mwisho wa Septemba, lengo likiwa milioni 18, dada alikuwa na 19.8 na kijana 14.4.

Kwa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 hali ni ile ile, ila imejificha zaidi. Kikomo chenu ni asilimia 5. Ahero imekaa chini ya kikomo miezi kumi, ikaruka hadi 9 Novemba. Kibuye imekuwa juu ya kikomo miezi 8 kati ya 11, ikicheza kati ya 5 na 7. Kwa nini ya Ahero ndiyo iliyokushtua? Kwa sababu ilitokea ghafla, tena mwezi mmoja kabla ya fomu. Asilimia 6 ya Kibuye umeiona Februari, ukaiona Mei, ukaiona Agosti, mwishowe ikawa kama rangi ya ukuta wa ofisi. Huu ndio upendeleo wa mambo ya karibuni, na ndivyo unavyofanya kazi mara nyingi: unakuza la juzi, na papo hapo unalifanya tatizo la mwaka mzima lionekane hali ya kawaida.

Kabla hujasema takwimu zimemaliza kazi, uliza swali jingine: kipi hapa ni kazi ya mtu, na kipi ni cha msimu? Aprili ni mvua za masika, na ripoti ya dada ya mwezi huo inasema maji ya Nyando yalifunga njia za vijiji vitatu anavyohudumia. Novemba wafanyabiashara wa Kibuye hukopa ili wajaze maduka kabla ya Krismasi. Sisemi kijana hakutoka jasho. Tafuta takwimu za Novemba ya mwaka jana na za mwaka juzi kwa soko hilo hilo. Ikiwa kila Novemba Kibuye huruka hadi karibu milioni 4, hata alipokuwa afisa mwingine, basi sehemu kubwa ya 4.1 ni ya kalenda. Ikiwa huwa milioni 2 na nusu, kijana anastahili sifa kamili kwa ziada hiyo, nawe uiandike hivyo kwa maneno.

Sasa nikupeleke kwenye karatasi ambayo naamini uliisahau. Ni ripoti ya dada ya tarehe 9 Oktoba, ukurasa wa pili, aya ya mwisho. Ameandika kuhusu kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga: "Mnunuzi hajawalipa. Naomba tusiwaongezee mkopo hadi pesa za mavuno ziingie." Ukingoni kuna mwandiko wa kalamu nyekundu: "Toa. Tuko nyuma ya lengo la tawi." Nimeulinganisha na sahihi yako kwenye fomu, na nadhani tunajua ni mwandiko wa nani. Wiki moja baadaye ndipo alipokupinga mbele ya wenzake, na kumbukumbu za mkutano huo zinaonyesha mlikuwa mkibishania kikundi hicho hicho. Mkopo ukatolewa. Novemba kikundi kikashindwa kulipa, na ukiondoa mkopo huo, mikopo ya Ahero iliyochelewa inarudi chini ya asilimia 5.

Kwa hiyo ile asilimia 9 uliyomkatia alama ni uamuzi wako, na lile neno "mkali" uliloandika kwenye fomu ni onyo lake ambalo hukulisikia. Nimekaa na ukurasa huo muda mrefu. Sidhani ulificha jambo. Nadhani Desemba ulikumbuka sauti yake mkutanini, ukakumbuka na ile asilimia, ukasahau kilichoviunganisha. Ndiyo maana mtu hapaswi kutegemea kichwa chake kwa kazi hii, hata awe mwadilifu namna gani.

Tuje kwenye samaki wa Ijumaa. Unasema humpendelei kijana, nami nakuamini kwa maana unayoikusudia. Lakini upendeleo wa kufanana hauhitaji nia. Njia yake kubwa ni habari. Mkiwa mezani, kijana anakueleza kwamba mteja fulani amechelewa kwa sababu kontena lake limekwama Mombasa, kwamba mwingine amefiwa, kwamba wiki ijayo mambo yatanyooka. Kila shilingi iliyochelewa Kibuye imekufikia ikiwa na maelezo yake. Dada yuko zaidi ya kilomita 20 kutoka mezani pako, juu ya bodaboda, na shilingi zake zinakufikia zikiwa namba tupu kwenye karatasi. Halafu ukija kuandika, wa kwanza unamwona mtu aliyekwazwa na hali, wa pili unamwona mtu aliyeshindwa kazi. Kwenye fomu ya kijana umeandika: "Mikopo michache imechelewa kutokana na changamoto za soko." Kwenye ya dada: "Ashughulikie ufuatiliaji wa wateja." Jambo ni moja, ila la kijana umelilaumu soko, la dada umemlaumu yeye mwenyewe.

Huhitaji kuacha kula samaki. Unachohitaji ni kuwapa wengine saba mlango kama huo. Kila mwezi, nusu saa kwa kila afisa, na maswali matatu yale yale kwa wote: nini kimekwenda vizuri na ulikifanyaje, nini kimekwama na kwa sababu gani, unahitaji nini kutoka kwangu. Kwa maafisa wanane ni saa nne kwa mwezi. Wa Ahero mfuate Ahero angalau mara moja kila robo mwaka, na chunguza tarehe zako za ziara za mwaka huu. Nimehesabu ziara sita za Kibuye, ambako unafika kwa miguu, na moja ya Ahero.

Kuhusu jinsia, naomba uweke fomu mbili kando kwa kando usome sehemu ya maoni kwa sauti. Ya dada: "Ana bidii lakini ni mkali. Ajifunze utulivu. Hajiamini vya kutosha mbele ya bodi." Ya kijana: "Alivuka lengo Novemba kwa kupanga mikutano na wauzaji wa jumla. Ana uwezo mkubwa wa uongozi." Kijana umemwandikia tendo na matokeo yake. Dada umemwandikia tabia. Tena tabia zinazopingana: mtu anawezaje kuwa mkali kupita kiasi na papo hapo kukosa kujiamini? Mkanganyiko wa namna hii nimeusoma mara nyingi kwenye fomu za wanawake, na kila mara huwa ni dalili kwamba mwandishi hana tukio mkononi.

Si kwako tu. Mwaka 2014 Kieran Snyder alikusanya tathmini 248 kutoka kampuni za teknolojia. Akatenga zile zenye ukosoaji, akaangalia ni ngapi zilikosoa tabia ya mtu badala ya kazi yake. Kwa wanawake zilikuwa 71 kati ya 94. Kwa wanaume, 2 kati ya 83. Ni tathmini zilizotolewa na watu waliojitolea, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha kila ofisi ya Kenya. Lakini ukishaujua mwelekeo huo unajua pa kutazama.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kila sentensi ya maoni, badilisha mtu, uulize: ningeiandika hivi kwa afisa wa Kibuye? Kijana huyo naye alikupinga, Juni, kuhusu mgao wa pikipiki, na fomu yake inasema "anatetea maslahi ya timu yake". Kisha kila neno la tabia liwekee tarehe. "Mkali" lini, kwa nani, na kazi iliathirika vipi? Ikiwa jibu ni 16 Oktoba, kuhusu mkopo ambao mwishowe haukulipwa, neno hilo linatoka, na mahali pake unaandika kilichotokea: aliona hatari ya kikundi kabla ya kuongezewa mkopo, akaitaja kwa maandishi na mkutanini. Ukishaandika hivyo, utaona mwenyewe kwamba sentensi hiyo inaongeza alama, haipunguzi.

La kumbukumbu za mkutano limeniuma kidogo, nikuambie ukweli. Kwa miaka miwili dada huyu ameandika kumbukumbu za mikutano yenu yote, na kwenye fomu ya mwaka jana uliyoambatisha hakuna hata mstari mmoja unaomshukuru. Mwaka huu ameomba watu wapokezane, ukamkata alama kwenye "ushirikiano". Kijana alikusanya michango ya msiba mmoja, mara moja, na imetajwa. Madeline Heilman na Julie Chen walichapisha utafiti mwaka 2005 uliopima jambo hili hasa: mwanamume aliyesaidia kazi isiyo yake alipewa alama zaidi, mwanamke aliyesaidia hakuongezewa, mwanamke aliyekataa akapunguziwa, mwanamume aliyekataa hakupunguziwa. Kwa mwanamke msaada unahesabiwa kama wajibu wake, kwa mwanamume unahesabiwa kama zawadi. Dawa yake haimo kwenye fomu. Bandika ukutani orodha ya zamu ya kumbukumbu, ya chai na ya michango, majina manane kwa mpangilio wa alfabeti, na mambo hayo yatoke kabisa kwenye alama za ushirikiano.

Na lile pendekezo la naibu nalo lisimamishe kwanza. "Ana uwezo mkubwa wa uongozi" ni utabiri, na utabiri ndipo upendeleo unapojificha vizuri zaidi. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza kumbukumbu za wafanyakazi karibu 30,000 wa kampuni kubwa ya maduka ya rejareja huko Amerika Kaskazini. Wanawake walikuwa na alama za juu kuliko wanaume kwa kazi waliyofanya, lakini alama za chini kwa "uwezo" wa siku zijazo, na hilo likawanyima vyeo. Walipofuatiliwa baadaye, wanawake walifanya vizuri zaidi kuliko wanaume waliopewa alama ya uwezo iliyo sawa na yao. Kwa hiyo andika kazi za naibu wako ni zipi: kupitia mikopo yenye hatari, kusimamia makusanyo, kuongoza mkutano usipokuwepo. Kisha kwa kila kazi uliza nani amekwisha kuifanya mwaka huu, na kwa ushahidi gani. Karatasi ya 9 Oktoba ni ushahidi wa ile ya kwanza.

Umebaki na siku chache kabla ya tarehe 20, na mwaka huu huna daftari la matukio, kwa hiyo itabidi tujenge upya. Waombe maafisa wote wanane, si yeye pekee, wakuletee ukurasa mmoja: robo kwa robo, mambo mawili waliyoyafanya yakaleta matokeo na moja lililokwama. Usiwaombe wajipe alama. Mtu akikuambia anastahili 4.5, namba hiyo itakaa kichwani mwako hata ukijitahidi kuipuuza, na wapo wanaojipa nyingi na wapo wanaojipunja. Wewe mwenyewe pitia ripoti za mwezi, barua pepe na kundi la WhatsApp la tawi, ukianzia Januari kuja mbele. Usianze Desemba kurudi nyuma, utachoka ukifika Julai.

Kisha, kabla hujafungua jina lolote, amua uzito wa kila kipengele na uuandike. Kwa mfano mikopo mipya 35, ubora wa mikopo 35, huduma kwa wanachama 20, kazi ya pamoja 10. Namba hizo ni zangu, weka zenu kulingana na mwongozo wa makao makuu. La muhimu ni kwamba ziandikwe kwanza. Eric Uhlmann na Geoffrey Cohen walionyesha mwaka 2005 kwamba watu wakiruhusiwa kuamua vigezo baada ya kumwona mwombaji, huvipindisha vimfae wanayemtaka, huku wakiamini wanatenda haki. Walipotakiwa kukubali vigezo mapema, ubaguzi huo ulitoweka. Wewe mwezi huu umepima kwa "kasi ya mwisho wa mwaka", kigezo ambacho hakimo popote kwenye fomu yenu.

Unapotoa alama, usimalize mtu mmoja ukaenda kwa mwingine. Toa alama za mikopo mipya kwa wote wanane, pumzika, kisha ubora wa mikopo kwa wote wanane, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukimaliza mtu mzima kwa mkupuo mmoja, uliyempenda kwenye kipengele cha kwanza atakupendeza hadi cha mwisho. Halafu funika majina na maeneo, umpe meneja wa tawi jingine asome maoni peke yake. Wa Kakamega, kwa mfano, atafaa ikiwa hawajui watu wako. Mwombe akuambie ni sentensi zipi hazina tukio ndani yake, na ni fomu zipi anazodhani ni za wanawake. Akizitambua zote tatu kwa maneno tu, rudi mezani ukaandike upya.

Kwa mwaka ujao, nunua daftari. Kila Ijumaa ya pili, mistari miwili kwa kila afisa: tarehe, alichofanya, kilichotokea. Usiweke neno la sifa wala la lawama. "Machi 14. Alimfuata mteja aliyehamia Katito, akarudi na ratiba mpya ya malipo ya 48,000." Ni dakika 15. John Flanagan aliandika kuhusu njia hii ya kukusanya matukio mwaka 1954, baada ya kuitumia na marubani wa jeshi la Marekani, na bado sijaona iliyo bora kwa meneja wa timu ndogo. Hatari yake ni kwamba utaandika zaidi mambo ya wale unaowaona. Basi mwisho wa kila robo hesabu mistari. Ukikuta Kibuye ina 14 na Ahero 3, usidhani Ahero hawafanyi kazi. Panda matatu uende. Tena andika ukijua atasoma: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake unazozihifadhi.

Najua thamani ya daftari kwa sababu niliwahi kuumiza watu kwa kukosa moja. Nilikuwa msimamizi wa kitengo cha kupakia maua upande wa Nakuru, na tathmini yetu ilikuwa Machi, mara tu baada ya msongamano wa Valentino. Waliokesha Februari niliwapa alama za juu. Mama mmoja aliyekuwa likizo ya uzazi tangu mwisho wa Desemba nilimpa 2, wakati kwa miezi tisa iliyotangulia meza yake ndiyo iliyokuwa na maua machache zaidi yaliyorudishwa. Nilikuwa nimempima kwa miezi ambayo hakuwepo. Mtu aliyekuwa likizo ya uzazi hupimwa kwa miezi aliyofanya kazi, na lengo lake hupunguzwa kwa miezi ambayo hakuwepo, basi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa jinsia na wa ujauzito katika kupandisha vyeo na masharti ya kazi, na jambo likifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ukiwa na fomu yenye neno "mkali" na huna tukio la kulitetea, huna cha kuthibitisha nacho.

Uliniuliza utarekebishaje bila kuonekana umeshinikizwa. Fomu zote nane zirudishwe, si moja. Ukirekebisha ya dada peke yake, wenzake watasema amelia akapewa, na yeye mwenyewe hatajua kama alama ni yake au ni ya kumnyamazisha. Usimwongezee hata nukta isiyo na karatasi nyuma yake. Ana la kujibu pia: ripoti zake za Julai na Agosti zilichelewa zaidi ya wiki, na hilo liandikwe lilivyo. Mwite, mwoneshe ukurasa wa 9 Oktoba, umwambie kwamba uamuzi wa kuongeza mkopo ulikuwa wako na kwamba hautahesabiwa kwenye alama zake. Mweleze kwamba sahihi kwenye fomu ni ya kukiri ameipokea na kuisoma, na kwamba nafasi ya maoni ya mfanyakazi ni yake aijaze apendavyo, hata kama bado hakubaliani. Makao makuu yaandikie leo, kwa mistari mitatu, kwamba umegundua fomu zimeegemea miezi miwili ya mwisho na unazirudia. Wakikupa siku tano zaidi, zichukue.

Halafu mwite kijana wa Kibuye, kwa sababu yeye amepoteza pia. Miezi minane mikopo yake imekuwa juu ya kikomo na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha namna ya kumchuja mfanyabiashara anayekopa huku na kule. Amesikia sifa mezani Ijumaa baada ya Ijumaa, akaamini yuko tayari kuwa naibu. Mazungumzo hayo usiyafanye mezani. Yafanye ofisini, mlango ukiwa umefungwa, mkiwa na orodha ya wateja wake waliochelewa zaidi ya siku 30, na mwanzie na yule anayedaiwa nyingi zaidi.